Kidole gumba changu na midomo ya watoto wa mbuzi

Mwezi wa kumi, kwetu Nachingwea, mikono ya wanawake wengi huwa imechubuka. Ni msimu wa korosho, na sisi tunaobangua nyumbani tunaijua kazi yake. Ukishazikaanga kwenye debe lililotobolewa na kuanza kuzigonga moja moja, mafuta ya ganda yanakurukia vidoleni. Saa ileile huenda usisikie kitu. Kesho yake ngozi inageuka nyeusi, keshokutwa inabambuka kama ganda la kitunguu. Tunajipaka majivu kabla ya kugonga, wengine mafuta ya nazi, lakini kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyoishika korosho, na ndivyo vinavyoungua.

Nimeanza na habari ya ngozi kwa sababu ndio mlango ulimopitia ugonjwa wa mbuzi uitwao orfu. Wakati huo sikujua. Nilijua tu kwamba mbuzi wangu wana vidonda mdomoni, na kwamba watoto wao wanakufa njaa mbele ya maziwa.

Ilikuwa mwaka juzi. Nilikuwa na majike saba, beberu mmoja na wengine wadogo wadogo. Mwishoni mwa mwezi wa tisa alipita mchuuzi na kundi lake, baba watoto akanunua majike watatu, bei ilikuwa nzuri. Tukawaingiza bandani jioni ileile pamoja na wengine. Mmoja wao, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, alikuwa na vigaga viwili vikavu kwenye pembe ya mdomo. Niliviona. Nikasema amejichoma na miiba njiani, wala sikufikiria zaidi.

Majike wangu watano walikuwa wameshazaa, kila mmoja mtoto mmoja, wa umri wa kati ya wiki tatu na sita. Huo ndio umri wanapoanza kuonja majani. Na majani gani yaliyopo kwetu mwezi wa kumi? Mvua bado, pori limekauka, tunawafungulia mbuzi kwenye mashamba ya mbaazi yaliyokwisha kuvunwa. Mashina ya mbaazi yaliyokatwa kwa panga yanabaki yamesimama, magumu, ncha kali. Mbuzi mkubwa anajua kuyapitia kwa ustadi. Mtoto anachomwa midomo. Vile vitundu vidogo kwenye midomo laini vilikuwa mlango kama ule wa kidole changu.

Siku ya tisa au ya kumi baada ya wageni kuingia, nilimwona mtoto wa kwanza ana vijipele vyekundu kando ya mdomo. Baada ya siku mbili vikawa malengelenge, yakapasuka, yakaanza kutoka majimaji, kisha yakakauka na kuwa vigaga vinene vya rangi ya kahawia, vimebebana kama gome la mwembe. Vilianzia pembe za mdomo vikapanda hadi puani. Ukijaribu kukitoa kigaga kimoja, chini yake panavuja damu na nyama imeinuka kama ua la koliflawa. Katika wiki moja watoto wanne kati ya watano walikuwa hivyo. Yule wa tano hakupata hata kipele, na mpaka leo sijui alinusurikaje.

Kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye mbuzi aliangalie kwa macho yake. Mtoto mwenye vidonda mdomoni bado ana njaa. Anamwendea mama, anapiga kiwele kwa kichwa, anaishika chuchu, kisha anaiachia na kurudi nyuma akitikisa kichwa kwa maumivu. Anajaribu tena. Mara ya nne anajilaza pembeni. Mtu anayepita anadhani mtoto ameshiba na analala. Nilimpoteza mmoja namna hiyo. Nilipomshika tumbo lake asubuhi ile lilikuwa limebonyea kama mfuko mtupu, naye hakuwa na homa wala hakuharisha. Njaa ndiyo iliyomuua.

Waliobaki niliamua kuwanywesha kwa chupa. Nilikamua mama zao, nikachuja kwa kitambaa, nikatia katika chupa ya soda yenye chuchu ya mpira. Mtoto wa kilo nne hivi nilimpa karibu nusu lita kwa siku, nikiigawa mara nne, kwa sababu akinywa nyingi kwa mara moja tumbo linamvuruga. Lakini mtoto mwenye maumivu hafungui mdomo mwenyewe. Kuna pengo pembeni mwa taya la mbuzi, kati ya meno ya mbele na magego, hapana jino. Unapenyeza kidole gumba pale, unabonyeza juu ya ulimi, mdomo unafunguka. Ndivyo nilivyofanya, mara nne kwa siku, watoto watatu, kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kidole ambacho ngozi yake ilikuwa imebambuliwa na korosho. Nilikuwa nikimaliza nauosha mkono kwa maji matupu, najifuta kwenye kanga.

Siku sita hivi baadaye kilitokea kipele chekundu pembeni ya ukucha. Nilidhani ni korosho tena. Kilikua polepole, hakikuwa na maumivu makali, kilikuwa kinawasha na kusukuma kidogo. Mwisho wa wiki ya pili kilikuwa na sura ambayo sijawahi kuiona kwenye jipu lolote, kama jicho: katikati nyekundu, kisha duara jeupe, kisha duara jingine jekundu nje. Wiki ya tatu kiliinuka, kikawa kama nusu ya karanga imebandikwa kidoleni, juu yake pameloa, panatoa majimaji meupe yasiyo mazito. Kwapani upande uleule tezi ikavimba. Usiku nilipata joto la mwili kidogo, si la kunilaza.

Nilikwenda kutibiwa. Sitataja ni wapi, na aliyenipokea alikuwa na haraka ya watu wengi nje. Akaniuliza, "Mama, umejichoma na nini?" Nikasema korosho. Sikusema mbuzi, kwa sababu hakuna kitu kilichonifanya niunganishe hayo mawili. Akasema ni jipu limeshaiva, tulipasue litoke usaha. Akapasua. Usaha haukutoka. Ilitoka damu, na ikaendelea kutoka kwa muda mrefu kuliko yeye mwenyewe alivyotegemea. Nyama ya kidonda kile imejaa mishipa midogo ya damu, na ndani yake hapana mfuko wa usaha wa kutoboa.

Nikarudi nyumbani na bandeji. Siku tatu baadaye kidole kilikuwa kimevimba hadi kiganjani, chekundu, kinadunda, na sasa usaha ulikuwepo kweli. Bakteria waliingia kupitia ule mkato. Hapo ndipo nilipohitaji antibayotiki. Kabla ya hapo sikuwa nikizihitaji. Kidonda chenyewe ni cha virusi, wa ukoo mmoja na wale wa ndui, na antibayotiki hazigusi virusi.

Aliyenifungua macho hakuwa daktari wa watu. Ni bwana mifugo wa kata, kijana, alikuja kwa ajili ya mbuzi baada ya baba watoto kumpigia simu akihofia sotoka. Na hofu yake ilikuwa na msingi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kaskazini mwa nchi yetu mwaka 2008, na baadaye ikashuka hadi huku kusini, Newala na Tandahimba, ikaua mbuzi wengi. Nayo pia huleta vidonda vya mdomo. Kwa hiyo bwana mifugo hakuanza na midomo. Alianza na macho: hayana tongo. Pua: haina kamasi nzito. Mkia na miguu ya nyuma: hakuna mharo. Akapima joto la watoto wawili na la jike mmoja, wote walikuwa kati ya nyuzi 39 na 39.5, ambalo kwa mbuzi ni joto la kawaida. Alisikiliza mapafu. Ndipo akarudi mdomoni, akafunua mdomo wa juu wa mtoto mmoja na kuonyesha kwamba vidonda vimeanzia kwenye mpaka wa ngozi na nywele, vimekaa na vigaga vinene, na ndani ya kinywa ni vichache. "Mbuzi wa sotoka ni mgonjwa mwili mzima, mama," alisema. "Hawa ni wazima wenye midomo mibovu." Akasema wataalamu wanauita orfu.

Halafu akauona mkono wangu umefungwa. Akaniomba nifungue. Alitazama kidole, akatazama mdomo wa mtoto wa mbuzi niliyekuwa nimempakata, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hiki na hicho ni kitu kimoja."

Kitu kimoja alichokiuliza kwa makini sana ni kama mwezi ule nilikuwa nimechuna mbuzi au ng'ombe aliyekufa ghafla. Nikamwambia sijachuna. Alikuwa anafikiria kimeta. Nimeona nilieleze hili hapa kwa urefu, kwa sababu mtu akishasikia kwamba kidonda cha mbuzi kidoleni kinapona chenyewe, anaweza kukaa nyumbani na kimeta. Kimeta cha ngozi nacho humpata anayeshika mifugo, nacho huanza na kipele. Lakini kinakwenda haraka: ndani ya siku chache katikati panakuwa peusi kabisa kama mkaa, penyewe hapaumi hata ukipagusa, na kuzunguka hapo mwili unavimba sana, uvimbe mlaini unaoenea mkono mzima. Homa nayo inapanda. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, na kwake antibayotiki ndiyo dawa yenyewe. Kidonda changu kilikwenda taratibu, wiki kwa wiki, uvimbe ulibaki kwenye kidole mpaka kilipopasuliwa. Hata hivyo, kama una wasiwasi kidogo tu, nenda, na neno la kwanza utakalomwambia anayekupokea liwe kwamba unashika mbuzi. Mimi nililiacha neno hilo moja, nikapasuliwa.

Nilirudi kutibiwa, safari hii kwa mtu mwingine, nikamweleza yote. Akasafisha, akanipa antibayotiki kwa ajili ya ule uambukizo wa juu, akaniambia kidole kisikatwe tena, kisikwanguliwe, kifungwe kwa kitambaa kikavu na kibadilishwe kila siku. Aliniuliza kama kuna mtu nyumbani mwenye ugonjwa uliompunguzia kinga ya mwili, au anayetumia dawa kali za saratani, kwa sababu kwa watu kama hao vidonda hivi huwa vikubwa sana na vinakataa kupona. Hakuwepo. Kutoka mtu kwenda kwa mtu ni nadra mno, lakini taulo langu nililitenga, na chakula cha watoto alipika binti yangu mkubwa kwa wiki kadhaa.

Wiki ya nne majimaji yalikauka, ngozi nyembamba ikafunika, na ndani yake vikaonekana vidoadoa vyeusi. Wiki ya tano ikawa kigaga kikavu chenye vinundu. Mwishoni mwa wiki ya saba kilidondoka chenyewe nilipokuwa nafua. Chini yake ngozi ilikuwa mpya, ya waridi, haina kovu, isipokuwa mstari mmoja mweupe wa sentimita moja palipopita kisu. Nina hakika kisingekatwa kingepona mapema kidogo na nisingekuwa na ule mstari.

Nirudi kwa mbuzi, maana huko ndiko nilikokosea zaidi.

Wakati mimi nauguza kidole, majike wawili walianza kurusha mateke wakinyonywa. Nilipowageuza nikaona vigaga kwenye chuchu. Watoto ndio waliowapa mama zao, kwa kunyonya. Na nadhani mikono yangu nayo ilichangia, kwa sababu nilikuwa natoka kwenye mdomo wa mtoto nakwenda moja kwa moja kukamua. Hapa ugonjwa unazunguka: mtoto anamuumiza mama, mama anamkataa mtoto, maziwa yanabaki kwenye kiwele, kiwele kinavimba na kuwa cha moto, na mwisho wake unaweza kupoteza upande mzima wa kiwele. Mmoja wa wale wawili upande wake wa kushoto ulifikia kuwa mgumu kama embe bichi, maziwa yakitoka na mabonge. Bwana mifugo alimchoma sindano kwa siku tatu, nami nikawa namkamua mara tatu kwa siku, taratibu, mpaka pakalainika. Maziwa hayo ya mabonge niliyamwaga shimoni.

Vidonda vyenyewe hatukuvitibu kwa maana ya kuviua, maana dawa ya kuwaua virusi hao hatukuwa nayo. Tulivitunza tu. Asubuhi nilichemsha maji nusu lita, nikatia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa hadi vuguvugu naosha majimaji na uchafu uliozunguka vigaga. Vigaga vyenyewe niliviacha mahali pake. Jirani yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniletea oili chafu ya pikipiki, akasema paka hii, inaua kila kitu. Mwingine alisema nivikwangue kwa gunzi mpaka damu itoke kisha nipake salfa ya korosho. Nimeyasikia hayo tangu utotoni, na mbuzi wengi wamefanyiwa wakapona, lakini wangepona tu, kwa sababu ugonjwa huu huisha wenyewe katika wiki tatu au nne hivi. Kukwangua kunafungua kidonda upya, kunaita bakteria na nzi, na vile vigaga unavyovimwaga chini vimejaa virusi. Penye usaha tulipuliza dawa ya dukani, ile ya kunyunyiza yenye rangi. Na kila jioni nilitazama kama pana mayai ya nzi, kwa sababu funza wakiingia kwenye mdomo wa mtoto wa wiki nne humwezi tena.

Chakula kilisaidia kuliko dawa. Niliwatoa kwenye mashina ya mbaazi kabisa, nikawapa majani ya viazi vitamu na pumba ya mahindi iliyoloweshwa, vitu visivyochoma. Wale watoto watatu waliendelea na chupa kwa siku 12, kisha wakarudi kwa mama zao mmoja mmoja. Na tangu siku ile ya bwana mifugo sikumshika mbuzi bila glavu. Glavu zile nyembamba za hospitali zinachanika kwenye meno, kwa hiyo nilivaa mbili mbili. Nilipomaliza nilinawa kwa sabuni na maji mengi, na niliwanywesha wazima kwanza, wagonjwa mwisho.

Mama mkwe wangu aliniuliza kama nyama ya mbuzi mwenye midomo hiyo inalika. Bwana mifugo alimjibu kwamba mtu haupati kwa kula nyama iliyopikwa, anaupata kwa kushika. Tulitumia nafasi hiyo kumweleza kuhusu kichwa, kwa sababu yeye ndiye huandaa vichwa vya supu Idd el-Hajj inapofika. Kumbabua mbuzi midomo na kumkwangua kwa kisu ukiwa na mchubuko mkononi ni sawa na nilivyofanya mimi, tena papo kwa papo.

Kufikia katikati ya mwezi wa kumi na moja midomo yote ilikuwa misafi. Nikashukuru. Vigaga vilidondoka bandani, nikafagia kama ninavyofagia siku zote, samadi nikarundika pembeni kwa ajili ya bustani, na nikasahau.

Mwaka jana, mwezi wa kumi uleule, walizaliwa watoto sita. Sikuwa nimenunua mbuzi yeyote. Walipofikisha wiki nne, vipele vikaanza tena. Nilikaa chini bandani nikalia, nasema kweli, kwa sababu nilidhani nimerogwa. Bwana mifugo alipokuja aliniuliza swali moja: "Vile vigaga vya mwaka uliopita ulivipeleka wapi?"

Sikuwa nimevipeleka popote. Banda langu ni la kichanja, sakafu ya mianzi, paa la makuti, pakavu masika na kiangazi. Hori la kulia ni gogo la mwembe lililochongwa, limejaa nyufa. Alichukua kijiti akachokoa kwenye ufa wa hori, vikatoka vipande vya vumbi la kahawia pamoja na nywele. Akaniambia virusi hawa, wakiwa ndani ya kigaga kikavu kisichopigwa na mvua wala jua, wanaishi miezi mingi, hata miaka. Nje, penye mvua na jua, wanakwisha mapema. Mimi nilikuwa nimewajengea nyumba. Na mbuzi aliyepona anapata kinga, ingawa si ya kudumu kabisa, ila kinga hiyo mama haimpi mtoto wake kwa dang'a kiasi cha kumlinda. Kwa hiyo majike wangu mwaka ule hawakuugua isipokuwa mmoja mwenye kipele kidogo cha chuchu, lakini kila mtoto alizaliwa hajui lolote, akapeleka mdomo wake laini kwenye lile hori.

Safari hii nilianza kazi siku ileile. Hori tulilipasua tukalichoma. Mianzi ya sakafu tuliikwangua, yote tuliyoyakwangua tukayachoma pamoja na fagio, kisha tukasugua kwa maji na sabuni mpaka uchafu ukatoka, na baada ya hapo ndipo tukamwagia maji yenye jiki. Ukianza na jiki juu ya uchafu, inakufa juujuu haifiki ndani. Tukafungua upande mmoja wa paa, jua likaingia bandani siku 10, mbuzi wakilala chini ya mkorosho ndani ya uzio. Hori jipya ni beseni la plastiki, linaoshwa na kuanikwa kila Ijumaa. Vigaga vya wagonjwa niliviokota kwa glavu kila asubuhi kutoka chini walipolala, nikavitia motoni jikoni nje. Watoto sita wote walipona, hakuna aliyekufa, na chupa nilimpa mmoja tu kwa siku nne.

Nami mwenyewe nilipata kipele kingine, kidole cha shahada, kwa sababu glavu ilichanika nikaendelea na kazi. Kilikuwa kidogo, hakikufika hata ukubwa wa punje ya mtama, kikaisha katika wiki tatu. Aliyepona anaweza kupata tena, ila mara nyingi inakuwa nyepesi. Sikukigusa, nikakifunga tu.

Wiki mbili na nusu zilizopita baba watoto amenunua majike wawili kutoka kwa ndugu yake wa Liwale. Hawajaingia bandani. Wako nyuma ya jiko kwenye kijibanda cha matete, wana beseni lao la maji na kamba zao, na anayewahudumia ni binti yangu mkubwa baada ya wale wa zamani kwisha kula, si kabla. Tumekubaliana wiki nne. Kila alfajiri nakwenda na tochi, nawashika kidevu kwa glavu, naangalia pembe za mdomo, tundu za pua, mpaka wa kwato na nywele, kisha nainama kutazama chuchu. Leo ni siku ya 19. Yule mdogo ana alama nyekundu kwenye mdomo wa chini, moja tu, inaweza kuwa mwiba. Nimewaambia watoto wasimsogelee, na kesho alfajiri nitaitazama tena.